Kuomba ruhusa ya kupaka rangi au kufunga shelfu kwenye nyumba ya kupanga: anza na siku ya kuhama

Wapangaji wengi hapa Moshi huomba ruhusa kwa sentensi moja: "Mzee, naomba nipake rangi sebuleni, nikihama nitarudisha kama ilivyokuwa." Mwenye nyumba anajibu "sawa tu", au ananyamaza. Miaka miwili ikipita mpangaji anahama, na hapo ndipo maneno "kama ilivyokuwa" yanapogeuka ugomvi. Ilikuwa krimu au nyeupe? Ule ufa ulikuwepo? Nani alitoboa karibu na soketi? Hakuna anayekumbuka, na kila mmoja anaamini anasema kweli.

Mimi ni mpangaji, na kwa miaka kadhaa nimekuwa pia nikisimamia nyumba mbili za ndugu zangu, kwa hiyo nimekaa pande zote za mazungumzo haya. Nilichojifunza ni kwamba ombi zuri huandaliwa kuanzia mwisho. Kwanza unajua kurudisha kutahitaji nini, kisha ndipo unachagua rangi, unachagua ukuta, na unaandika ujumbe. Nitaeleza kwa mfano wa sebule niliyokuwa nimepanga Rau: mita 4 kwa 3, ukuta wenye kimo cha mita 2.7, rangi ya krimu, mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam, na dada yake wa Kibosho ndiye anayekuja kukagua.

Hatua ya kwanza: ujue ukuta uliopo

Kabla ya kuomba chochote, chunguza umepewa ukuta wa namna gani, maana hilo ndilo linaloamua kama ahadi yako inatekelezeka.

Anza na rangi. Futa sehemu ndogo kwa kiganja kikavu. Ukibaki na unga mweupe mkononi, hiyo ni chokaa au rangi ya maji iliyochoka, na rangi mpya ukiipaka juu yake itabanduka na kutoka na huo unga. Kama hakuna unga, chukua pamba, ichovye kwenye spiriti ya kusafishia vidonda, usugue mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya mlango. Pamba ikichafuka kwa rangi, ukuta una rangi ya maji. Ikibaki safi, ni rangi ya mafuta. Nyumba nyingi za kupanga zina zote mbili kwenye ukuta mmoja: mafuta chini, hadi usawa wa kiuno, ili uchafu ufutike, na maji juu. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya ile ya mafuta, baada ya miezi michache utaweza kuivua kwa ukucha kama ganda la ndizi. Lazima ipigwe msasa mpaka mng'ao uishe, ifutwe vumbi, kisha ipate andakoti, yaani rangi ya msingi inayotangulia.

Pili, tafuta unyevu. Angalia chini karibu na sakafu, kwenye kona za nje, na chini ya madirisha. Rangi iliyofura malengelenge au chumvichumvi nyeupe inayochipua ni dalili kwamba maji yanapita ndani ya ukuta. Usiombe kupaka hapo. Omba mwenye nyumba atafute maji yanatoka wapi kwanza, na upige picha, kwa sababu ukipaka juu ya unyevu rangi itafura tena na safari hii utaambiwa wewe ndiye uliyeharibu.

Tatu, kama unataka shelfu, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Sauti nzito na butu ni tofali. Sauti ya ngoma ni jipsamu bodi au plasta iliyoachana na tofali. Uhakika kamili utaupata tundu la kwanza likitobolewa: vumbi la kijivu na gumu ni tofali la saruji, vumbi jekundu ni tofali la kuchoma, na vumbi la kahawia linalotoka laini kama unga wa udongo ni ukuta wa udongo uliopigwa plasta. Hilo la mwisho simama hapohapo. Ukuta huo haubebi shelfu ya vitabu, na tundu lake hupanuka kila ukiligusa. Shelfu ya kusimama yenye miguu itakufaa zaidi, na haihitaji ruhusa ya mtu.

Hatua ya pili: hesabu lita za kurudi

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu huhesabu rangi ya kupaka na kusahau rangi ya kurudisha. Kurudisha hugharimu zaidi. Rangi nyeusi au nzito haifunikwi na krimu kwa mkono mmoja, yaani kupakwa mara moja, wala miwili. Inahitaji andakoti kwanza, kisha mikono miwili ya krimu juu yake.

Chukua sebule yangu. Mzunguko wa kuta ni mita 14. Zidisha kwa kimo cha mita 2.7, upate mita za mraba karibu 38. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 34. Kwenye ukuta laini, lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Kwenye plasta ya mparuzo hushuka hadi 7 au 8. Kurudisha chumba kizima, andakoti mkono mmoja ni lita 3.4 na krimu mikono miwili ni lita 6.8. Zaidi ya lita 10, ukiacha fundi, msasa na puti.

Sasa hesabu ukuta mmoja tu, ule mrefu usio na dirisha: mita 4 kwa 2.7, karibu mita za mraba 11. Kurudisha kunataka lita 1.1 za andakoti na lita 2.2 za krimu. Kopo moja la lita 4 la krimu linatosha na kubaki, pamoja na kopo dogo la andakoti. Kazi hiyo naimaliza mwenyewe mwishoni mwa juma bila kumwita fundi.

Ndiyo maana niliamua kuomba ukuta mmoja. Sebule ilibadilika sura kabisa, na ahadi yangu ikawa ya kopo mbili, ambayo mwenye nyumba yeyote anaweza kuiamini. Rangi pia nikaichagua kwa hesabu hiyohiyo: kijani kilichopoa, si kijani cha migomba. Nyekundu na bluu iliyokolea ndizo zinazosumbua zaidi kufunika, na nawashauri wapangaji wasiziombe.

Bei hubadilika, kwa hiyo usibebe bei ya jirani. Beba lita zako dukani, uliza bei ya siku hiyo, uiandike.

Hatua ya tatu: hifadhi rangi ya zamani kabla haijafunikwa

Rangi ya krimu si moja. Kuna krimu ya njano, krimu ya waridi, na ile nyeupe iliyokuwa krimu kwa moshi na miaka. Ukisema "nitarudisha krimu" hujasema kitu.

Muulize mwenye nyumba kama kopo la zamani lipo. Kibandiko chake kina jina na namba ya rangi, hiyo ipige picha. Kama halipo, nenda sehemu iliyojificha, mfano nyuma ya mlango, ubandue kwa wembe kipande cha rangi ukubwa wa stempu. Kipeleke kwenye duka lenye mashine ya kuchanganya rangi, wailinganishe. Nunua rangi hiyo mapema, kopo moja, na upake kipande cha kiganja ukutani kabla hujafunika. Ikikauka na usiione, umeipata. Kopo lifunge vizuri, andika juu yake kwa kalamu ya wino mzito "sebule, ukuta mrefu" na tarehe, liweke chini ya kitanda, mbali na jua. Mwenye nyumba akiona kopo la kurudishia limeshanunuliwa, mazungumzo huwa mepesi sana.

Kisha piga picha mchana, dirisha likiwa wazi. Ukuta mzima, kila kona, kila ufa, kila tundu la msumari la mpangaji aliyepita. Weka rula au kitambulisho cha kazi kando ya ufa ili ukubwa wake uonekane. Zitume WhatsApp kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo, ili tarehe ijiandike yenyewe kwake na kwako.

Hatua ya nne: omba kwa mtu sahihi, wakati sahihi

Wakati mzuri kuliko wote ni kabla hujalipa kodi ya miezi sita au mwaka. Ukishalipa huna tena uzito ule. Wakati wa pili ni unapohuisha mkataba. Usiombe ukiwa unadaiwa hata mwezi mmoja. Litaonekana ombi la mtu asiyejua deni lake.

Mtu sahihi ni mwenye nyumba mwenyewe. Dalali hana mamlaka hayo, na msimamizi mara nyingi anayo kidogo kuliko anavyosema. Moshi tuna jambo letu: wenye nyumba wengi wako Dar au mbali zaidi, na Desemba wanapanda nyumbani kwa Krismasi. Hapo ndipo mzee anaingia sebuleni na kukuta ukuta wa kijani alioruhusu shemeji yake kwa simu bila kumwambia. Nimeona mpangaji akipewa notisi tarehe 27 Desemba kwa jambo hilo, na ukuta wenyewe ulikuwa umepakwa vizuri tu.

Hata hivyo, usimruke msimamizi. Mimi nilipanda kwanza kumsalimia yule mama wa Kibosho, nikamwonesha picha na kipande cha rangi, nikamwambia, "Mama, naomba nimwandikie Mzee, lakini nisingependa asikie kwangu kabla wewe hujajua." Alinijibu, "Umefanya vizuri mwanangu. Mwandikie, na mimi nitampigia." Jioni ile niliandika hivi:

"Shikamoo Mzee. Ni mpangaji wako wa Rau. Naomba ruhusa yako kwa mambo mawili. La kwanza, kupaka ukuta mmoja wa sebule, ule usio na dirisha, rangi ya kijani kilichopoa. La pili, kufunga shelfu mbili za mbao kwenye ukuta huohuo. Matundu yatakuwa 12. Gharama zote ni zangu na sitakata chochote kwenye kodi. Nikihama nitang'oa shelfu, nitaziba matundu na kupaka ukuta wote krimu ileile kabla ya kurudisha funguo. Rangi ya kurudishia nimeshainunua, picha yake hii hapa. Ukipenda vibaki, nitaviacha bila kudai. Nimekutumia pia picha za ukuta ulivyo leo. Sitaanza kazi mpaka utakaponijibu kwa maandishi."

Angalia yaliyomo: ukuta gani, rangi gani, matundu mangapi, nani analipa, nini kitatokea mwishoni, na kwamba kazi haijaanza. Idadi ya matundu inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Neno "shelfu" peke yake humfanya mwenye nyumba aone ukuta uliochakazwa. "Matundu 12" ni kitu anachoweza kukihesabu.

Akikataa, uliza anachoogopa. Mara nyingi ni matundu au ni rangi, si vyote viwili, na unaweza kubaki na kimoja. Akinyamaza, kunyamaza si ruhusa. Subiri juma moja, mkumbushe kwa simu, kisha mwombe akuandikie hata neno moja.

Hatua ya tano: liandikeni kama nyongeza ya mkataba

Ujumbe wa simu unatosha kuanza, lakini nyumba huuzwa na wazee hufariki. Warithi hawana ujumbe wako. Ukurasa mmoja wenye nakala mbili, uliosainiwa na pande zote na kushuhudiwa, ndio utakaobaki. Sisi tulisaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akagonga muhuri.

Andikeni kazi iliyoruhusiwa kwa maneno yaleyale ya ujumbe, namba ya rangi ya zamani, na idadi ya picha zilizotumwa tarehe ile. Kisha wekeni vipengele vitatu ambavyo watu husahau. Cha kwanza: mwenye nyumba atasema angalau siku 30 kabla ya kuhama kama anataka kurudishiwa au vibaki, akishasema, habadilishi siku ya kukabidhi funguo. Cha pili: uchakavu wa kawaida haumo kwenye ahadi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inamtaka mpangaji atunze jengo lakini haimbebeshi uchakavu wa kawaida, ila ni afadhali liandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi yenu wenyewe: nyufa zilizopo kwenye picha, kufifia kwa kuta nyingine, unyevu unaotoka nje. Cha tatu ni fedha.

Kwetu huku wapangaji wengi hawaweki amana. Wanalipa kodi ya miezi mbele basi. Maana yake mwenye nyumba hana cha kushika ukiondoka bila kurudisha, na hilo ndilo linalomfanya akatae. Kwa hiyo jitolee mwenyewe kuweka fedha inayolingana na kazi, si ya kubahatisha. Nilichukua bei ya kopo la andakoti, puti, msasa na siku mbili za fundi, ikafika laki moja na ishirini. Kopo la krimu sikulihesabu kwa kuwa lilikuwa tayari. Fedha ile ilikaa kwa mama wa Kibosho, na karatasi ikasema itarudishwa ndani ya siku 7 baada ya ukaguzi, na kwamba isigeuzwe kuwa kodi.

Hatua ya sita: fanya kazi ukijua utaifumua

Usipake wakati wa masika, Machi hadi Mei. Kuta zinakuwa na unyevu na rangi inachelewa kukauka. Juni na Julai nako ukungu wa mlimani hufanya mkono wa pili usubiri zaidi ya saa zilizoandikwa kwenye kopo. Fundi akiongeza maji kupita kipimo cha kopo ili rangi ienee, utaona inachuruzika na rangi ya zamani inaonekana chini yake. Mzuie hapohapo.

Bandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye kona, kwenye dari na kando ya soketi, na uubandue wakati rangi bado haijakauka kabisa ili usivute kingo. Mstari uliopinda kwenye kona ndio unaofanya urudishaji uwe mgumu, kwa sababu kijani kikivuka kwenda ukuta wa pili, sasa una kuta mbili za kurudisha.

Kwa shelfu, nilitumia mbao za moja kwa nane, urefu wa mita 1.2, kila moja na braketi tatu: mbili sentimita 10 kutoka kila mwisho na moja katikati. Vitabu ni vizito, mita moja inaweza kufika kilo 25, na braketi mbili tu zitaacha mbao ipinde. Usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi kwa mstari wa wima, maana paipu za umeme ndimo zinamopita. Tumia drili na biti ya zege ya milimita 8, si misumari ya zege, ambayo hurusha plasta kipande kizima na kukuachia shimo la ukubwa wa sahani ya kikombe. Anza bila mtetemo wa nyundo mpaka upite plasta, kisha uwashe. Skrubu iwe ya milimita 60, kwa kuwa plasta peke yake ina milimita 15 hadi 20 na haishiki kitu. Fisha, kile kiplastiki kinachoingizwa kwenye tundu ili kishike skrubu, lazima iingie ndani ya tofali.

Hatua ya saba: kurudisha

Jipe juma zima kabla ya siku ya funguo, hata kama kazi ni ya siku tatu. Siku ya kwanza ng'oa shelfu. Fisha haitoki kwa vidole: rudisha skrubu nusu, kisha uivute kwa koleo itoke nayo. Ikikatika, isukume ndani. Futa vumbi la tundu, lowesha kidogo, jaza puti mpaka nusu. Usijaze yote kwa mara moja, kwa sababu inapokauka hunywea na kuacha kishimo. Ikikauka jaza tena, ipite usawa wa ukuta kidogo. Dawa ya meno na sabuni ambazo watu huzibia matundu hutokeza madoa chini ya rangi, na mkaguzi atayaona tu.

Siku ya pili piga msasa, pitisha kiganja ukifumba macho. Mkono huona kivimbe ambacho jicho limekosa. Futa vumbi, paka andakoti. Siku ya tatu paka krimu mikono miwili, kutoka kona hadi kona. Hapa usibane rangi. Ukipaka viraka juu ya matundu tu, hata kwa rangi ya kopo lilelile, vitaonekana kila jua la jioni likiingia, kwa sababu rangi mpya na ya zamani haziakisi mwanga sawasawa.

Kabla hujaita mkaguzi, zima taa, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni mwa ukuta, mwanga ukiteleza juu yake. Kila tundu lisilozibwa vizuri litatoa kivuli. Mimi niliona mawili kati ya 12, nikayarudia.

Mama wa Kibosho alikuja Jumamosi akiwa na karatasi yake mkononi. Aliangalia picha kwenye simu, akaangalia ukuta, akasogea mpaka kwenye kona na kugusa. "Zile mbao ziko wapi?" akauliza. Nilikuwa nimezifunga kamba tayari kwa kuhama. Akampigia Mzee papo hapo, wakazungumza kidogo, kisha akanigeukia: "Anasema umuuzie." Tukakubaliana bei, akaniongezea juu ya ile laki moja na ishirini, tukasaini nyuma ya karatasi ileile kwamba hakuna anayemdai mwenzake, nikampa funguo.